Je, Wajua? Utabiri wa Umeme Huuliza Kwanza Joto la Kesho

Je, wajua kwamba mpango wa kompyuta unaweza kueleza vizuri sana kwa nini watu walitumia umeme mwingi jana, kisha ukashindwa kutaja watatumia kiasi gani wiki ijayo? Haujaharibika. Kuna namba moja inayokosekana, nayo bado haijatokea duniani.

Mpango wenyewe huitwa regresheni dainamiki. Mfano wake unaojulikana sana kati ya wanafunzi wa takwimu unatoka jimbo la Victoria, kusini mwa Australia, na umo katika kitabu cha utabiri cha Rob Hyndman na George Athanasopoulos wa Chuo Kikuu cha Monash. Wamechukua mahitaji ya umeme ya kila siku ya mwaka 2014 na kuyaweka kando ya joto la juu la siku hiyo. Ukichora nukta hizo unapata umbo la bakuli. Siku za baridi matumizi hupanda kwa sababu ya vipasha joto, siku za wastani hushuka, na siku za joto kali hupaa kwa sababu ya viyoyozi. Mwaka huo ulikuwa na mtihani wake: kuanzia tarehe 14 hadi 17 Januari joto la Melbourne lilipita nyuzi 41 siku nne mfululizo.

Kwa kuwa umbo ni bakuli, ndani ya mlinganyo huwekwa joto na kipeo cha pili cha joto, pamoja na alama ya kuonyesha kama siku ni ya kazi au ya mapumziko. Hiyo ni regresheni ya kawaida. Udainamiki unaingia kwenye mabaki, yaani tofauti kati ya umeme uliotumika kweli na ule ambao mlinganyo ulitaja. Mabaki hayo yana kumbukumbu. Leo yakiwa juu, kesho nayo huelekea kuwa juu, pengine kwa sababu nyumba zimehifadhi joto au kiwanda fulani kinafanya kazi ya ziada. Kwa hiyo mabaki hupewa mlinganyo wao wa pili wa aina ya ARIMA, ambayo George Box na Gwilym Jenkins waliieneza kwa kitabu chao cha mwaka 1970.

Tufanye hesabu kwa namba nyepesi nilizozitunga kwa ajili ya kuelewana. Vipimo ni gigawati-saa kwa siku:

mahitaji = 210 + 0.2 × (joto − 20)²

Jana joto lilikuwa nyuzi 30, mlinganyo ukasema 230, lakini watu wakatumia 240. Mabaki ni 10. Tuseme kila siku inarithi asilimia 60 ya mabaki ya siku iliyotangulia: kesho yake tutaongeza 6, siku inayofuata 3.6, kisha 2.16, mpaka kumbukumbu iishe. Sehemu hii haimpi mtabiri shida, kwa sababu kila inachohitaji kimeshatokea.

Shida ipo kwenye joto. Ili kutaja mahitaji ya kesho, mlinganyo unadai joto la kesho. Ili kutaja ya baada ya siku kumi na nne, unadai joto la siku hiyo. Katika mfano wa Victoria, waandishi walitaka utabiri wa siku 14 kuanzia tarehe 1 Januari 2015. Sikukuu na mwisho wa wiki walizijua kutoka kwenye kalenda. Joto hawakuwa nalo, na kwa ajili ya kufundishia wakaweka nyuzi 26 kwa siku zote.

Katika mfano wa darasani hilo halina ubaya. Kazini lina hatari, na nataka tuikague kwa karibu kwa sababu wengi huipita. Tuseme tumeweka nyuzi 26, ambazo ndizo wastani wa kweli, ila nusu ya siku zikawa na nyuzi 20 na nusu nyuzi 32. Kwa nyuzi 26 mlinganyo unataja 217.2. Lakini siku za nyuzi 20 zinataka 210, na za nyuzi 32 zinataka 238.8; wastani wake ni 224.4. Tumelipata joto la wastani sawasawa, na bado makisio ya umeme yamepungua kwa zaidi ya gigawati-saa 7 kila siku. Chanzo ni lile bakuli: siku za joto huongeza mahitaji zaidi kuliko siku za wastani zinavyoyapunguza. Ndiyo maana napinga desturi ya kujaza joto la wastani la mwezi na kuendelea na safari.

Hata utabiri mzuri wa hali ya hewa haukosei kwa gharama ile ile kila mahali. Ukikosea nyuzi mbili palipo na 22, mahitaji yanatoka 210.8 hadi 213.2, jambo dogo. Ukikosea nyuzi mbili palipo na 36, yanatoka 261.2 hadi 274.8. Siku ambayo mitambo iko karibu na kikomo chake ndiyo siku ambayo kosa la utabiri wa joto linaumiza zaidi.

Baya ni kwamba programu haikuonyi. Mipaka ya asilimia 95 inayochorwa pembeni ya utabiri huhesabiwa kama kwamba joto ulilojaza ni la hakika. Inabeba mashaka ya mabaki peke yake, kwa hiyo huwa myembamba kuliko inavyostahili. Tiba ni kutoweka joto moja. Chukua vipande vya hali ya hewa ya miaka iliyopita, vya msimu ule ule, pitisha kila kimoja kwenye mlinganyo, kisha tazama matokeo yalivyotawanyika. Hyndman na Shu Fan walitumia njia ya namna hiyo katika kazi yao ya mwaka 2010 kuhusu kilele cha mahitaji ya umeme cha miaka mingi ijayo.

Si viashiria vyote vya nje vyenye ugumu huu. Siku ya Jumapili inajulikana miaka kumi mbele. Kwetu Afrika Mashariki, Idi iko katikati: kalenda inatupa tarehe mbili zinazowezekana, na mwezi ndio unaoamua, kwa hiyo mtabiri makini huandaa makisio mawili.

Utajuaje kama mpango unaoletewa umejaribiwa kwa haki? Uliza joto gani lilitumika kwenye jaribio. Ikiwa walijaza joto lililopimwa baadaye, wamepima ubora wa mlinganyo tu. Jaribio la kweli hutumia utabiri wa hali ya hewa uliokuwepo asubuhi ile. Fanya majaribio yote mawili: pengo kati yake ni bei unayolipa kwa kutojua joto. Kisha linganisha na ARIMA isiyotumia joto kabisa. Kadiri siku zinavyosogea mbele utabiri wa hali ya hewa hufifia, na baada ya wiki mbili hivi hauongezi mengi juu ya wastani wa msimu.

Ikiwa kazi yako ni kutabiri kitu kinachotegemea mvua, joto au bei, anza leo kuhifadhi kila utabiri wa hali ya hewa au wa bei unaopokea, pamoja na tarehe ambayo ulitolewa. Vipimo vya joto la jana utavipata hata mwakani. Utabiri uliotolewa asubuhi ya leo, usipouhifadhi, huenda usiupate tena.