Niti 2,000, lakini kwa Muda Gani?

Matangazo ya simu siku hizi yanashindana kwa niti. Moja inasema 2,000, nyingine 3,000, na mnunuzi anadhani kubwa ndiyo bora. Niti ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye uso wa skrini: niti moja ni kandela moja kwa kila mita ya mraba. Namba hizo kwa kawaida si za uongo. Shida yake ni kwamba hazisemi ni sehemu gani ya skrini iliyofikia mwanga huo, wala iliudumisha kwa muda gani.

Chukua iPhone 14 Pro ya mwaka 2022. Apple iliitajia namba tatu. Niti 1,000 ni za matumizi ya kawaida, 1,600 ni kilele wakati wa kuonyesha video za HDR, na 2,000 ni kilele cha nje, juani. Bango likiandika 2,000 peke yake, limechukua ile ambayo mtumiaji huiona mara chache zaidi. Ukiwa sebuleni huipati hata ukisukuma kitufe cha mwangaza hadi mwisho. Simu yenyewe ndiyo huifungulia njia, kihisi chake kinapogundua jua kali. Katika simu nyingi, ukizima mwangaza unaojirekebisha wenyewe, unaikosa kabisa.

Sababu iko kwenye kioo. Katika skrini ya OLED kila pikseli hujitolea mwanga wake, hivyo ukurasa mweupe mtupu huziwasha zote kwa pamoja na kula umeme mwingi. Kidoa cheupe juu ya giza hula kidogo tu, kwa hiyo simu inaweza kukisukumia nguvu zaidi. Google ilipotoa Pixel 8 Pro mwaka 2023 ililieleza hilo katika maandishi madogo: niti 2,400 zilipimwa pikseli asilimia 5 tu zikiwa zimewashwa, na 1,600 skrini nzima ikiwaka.

Kisha kuna joto. Mwanga mwingi huipasha simu, jua huiongezea, na malighafi za OLED huchakaa haraka zikichochewa hivyo. Simu nyingi hazina feni, kwa hiyo njia rahisi ya kujiokoa ni kupunguza mwanga. Ndiyo maana dereva wa bodaboda aliyefunga simu kwenye usukani saa saba mchana huiona ramani iking'aa mwanzoni, kisha ikififia. Mwanga unaobaki baada ya hapo ndio mwangaza wa kudumu, na ndio anaoutegemea kazini.

Kwa filamu, hata hivyo, kilele cha eneo dogo kina maana. Video ya HDR haikusudii kung'arisha picha yote. Kiwango kinachopendekezwa kwa weupe wa kawaida ndani yake, kama karatasi, ni takriban niti 200 tu. Nguvu ya ziada huachiwa taa, cheche au mmeto wa jua juu ya maji, vitu vinavyochukua sehemu ndogo ya picha.

Hapo ndipo lebo inapohitaji kusomwa vizuri. HDR10 ni muundo wa ishara: inaipa kila rangi ya msingi biti 10 na kutumia mizani ya mwanga inayofika niti 10,000. Simu inayoandikwa HDR10 inadai kwamba inaielewa ishara hiyo. Haiahidi niti zozote. Simu ya niti 500 inaweza kuifungua video hiyo na kuibana yote ndani ya uwezo wake, kama mtu anayejua maneno yote ya wimbo lakini hana sauti ya kuuimba. Cheti chenye masharti ya kupimwa kimewahi kuwepo: muungano wa UHD Alliance ulianzisha Mobile HDR Premium mwaka 2017, ukadai angalau niti 540 pamoja na weusi wa kina, na Galaxy S8 ikawa simu ya kwanza kukipata.

Ukienda dukani, fungua ukurasa mweupe mtupu, si video ya maonyesho yenye mandharinyuma meusi. Washa mwangaza unaojirekebisha, zima hali ya kuokoa betri, kisha omba kutoka nje na simu mbili unazozilinganisha. Ziache juani dakika kumi, uzisome tena. Kwa HDR, fungua video ya aina hiyo YouTube na utazame orodha ya ubora: neno HDR lisipotokea kando ya namba kama 1080p, simu hiyo haikuletei picha ya HDR, hata boksi liandike nini.

Kama kazi yako iko juani, ulizia mwangaza wa skrini nzima na unadumu kwa muda gani. Namba ya kilele ni ya mpenzi wa filamu anayetazama gizani.