Je, Wajua Kwamba Glasi ya Maji Haiioni Risasi Iliyomo Kwenye Binzari?

Katika masoko ya Nachingwea na Ruangwa, kama kwenye masoko mengi ya wilaya, viungo vya unga huuzwa kwa kijiko au katika vifuko vidogo vya nailoni vilivyofungwa fundo, bila jina la aliyesaga wala tarehe. Pilipili ya namna hii haina cha kuitetea isipokuwa rangi yake, na binzari ya manjano vilevile. Kwa sababu hiyo ushauri unaozagaa ni ule wa glasi: mimina kijiko kimoja kwenye maji, usikoroge, uangalie. Rangi ikishuka kama uzi na maji yakageuka mara moja, unga umechakachuliwa; unga ukizama taratibu na maji yakabaki na manjano hafifu, ni salama. Nusu ya kwanza ya ushauri huo ina ukweli. Nusu ya pili ni ya hatari, kwa kuwa maji huwakamata wachakachuaji wadogo na kuwapitisha wakubwa.

Sababu iko kwenye kemia. Kinachoipa binzari unjano wake ni kurkumini, ambayo haiyeyuki vizuri katika maji. Rangi ya viwandani iitwayo metanili ya njano huyeyuka, na ndiyo ambayo glasi huitambua. Lakini kuna kitu cha tatu, kromati ya risasi, rangi ing'aayo ambayo viwanda huitumia kwenye rangi za kupaka na plastiki. Hiyo nayo haiyeyuki katika maji. Ikiwa ndani ya unga wa binzari, inakaa kimya pamoja nao chini ya glasi, na mnunuzi anaondoka ameridhika.

Wanaoijua vizuri habari hii ni watu wa Bangladeshi. Huko watafiti walifuatilia risasi iliyokuwa ikionekana katika damu za wajawazito wa vijijini, na njia ikawafikisha kwenye mizizi ya binzari. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 walieleza kwamba desturi ya kuitia mizizi kromati ya risasi ilianza miaka ya 1980, baada ya mafuriko kuacha mizizi iliyokauka vibaya na kufifia. Mizizi ya binzari huchemshwa, hukaushwa, kisha husuguliwa ili maganda yatoke. Hapo kwenye kusugua ndipo unga wa kromati uliponyunyizwa, na mzizi uliopauka ukatoka uking'aa. Sampuli mbaya zaidi zilikuwa na risasi zaidi ya mikrogramu 1,000 katika kila gramu moja ya unga.

Tuifanyie hesabu binzari ya namna hiyo. Kilo moja ina takriban gramu moja ya risasi. Kwa kuwa risasi ni karibu asilimia 64 ya uzito wa kromati yake, kilichoongezwa ni kama gramu 1.6, na kwa jinsi kilivyo kizito, ujazo wake ni kama robo ya mililita: matone machache tu katika kilo nzima. Hakuna jicho, ulimi wala glasi itakayokiona. Sasa mpishi achukue kijiko kimoja cha chai, gramu 3, akitie kwenye mchuzi wa watu sita. Sufuria imepokea miligramu 3 za risasi, na kila mlaji anapata kama mikrogramu 500. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huanza kuwa na wasiwasi mtoto anapopata mikrogramu 2.2 kwa siku kutokana na chakula. Mtoto wa familia hii amevuka kiwango hicho zaidi ya mara 200 kwa mlo mmoja, na risasi huharibu ubongo unaokua bila kuleta homa wala kuhara kwa kumshtua mzazi.

Kwenye pilipili udanganyifu una sura nyingine, ila glasi hushindwa kwa namna ileile. Rangi za kundi la Sudani, zilizotengenezwa kwa ajili ya nta na mafuta ya viwandani, haziyeyuki katika maji. Ziligunduliwa Ufaransa mwaka 2003 katika pilipili iliyotoka India, na mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya bidhaa kwa sababu ya sosi moja iliyotiwa pilipili ya aina hiyo. Wengine hushauri kupima kwa mafuta badala ya maji. Hilo nalo halisaidii, maana wekundu halisi wa pilipili pia huyeyuka kwenye mafuta. Mafuta yakiwa mekundu hujajua lolote.

Kwenye vijazio, angalau, kipo kipimo cha nyumbani chenye maana, tena kwa pilipili tu. Pilipili iliyoiva ina wanga kidogo mno, kwa hiyo tone la ayodini ya duka la dawa juu ya unga uliolowana likigeuka buluu iliyoiva, karibu nyeusi, kuna unga wa mahindi, mchele au muhogo ndani yake. Usikimbilie kumlaumu muuzaji kwa vidoadoa viwili vitatu: mashine iliyosaga sembe asubuhi huacha mabaki. Unga mzima ukigeuka rangi, hayo si mabaki. Kwenye binzari kipimo hiki hakifai kabisa, kwa kuwa mzizi wenyewe umejaa wanga na utageuka buluu hata ukiwa safi kuliko wote. Nayo magadi au sabuni, ambayo huigeuza binzari kuwa nyekundu ya kahawia, huthibitisha tu kwamba kurkumini imo. Haisemi ni nini kingine kimo.

Basi mnunuzi ashike nini? Kwa maoni yangu, aache kupima unga na anunue kitu kizima. Pilipili kavu nzima ni vigumu kuifanya iongope: ivunje, utaona mbegu zake, ukungu wa kijivu ulioota ndani, au kikonyo kilichooza, vitu ambavyo vikishasagwa hupotea machoni ijapokuwa sumu ya kuvu hubaki. Wekundu wa asili hufifia kwa jua na hewa, kwa hiyo unga uliokaa wiki kadhaa mezani mchana kutwa na bado unawaka kama siku ya kwanza unastahili kutiliwa shaka kuliko ule uliopauka kidogo. Kwa binzari, mzizi mzima hautoshi peke yake, kama Bangladeshi ilivyoonyesha. Usugue kwa kidole gumba. Vumbi la manjano makali likibaki mkononi huku ndani, ukiuvunja, kukiwa na rangi isiyofanana na vumbi hilo, uache. Mzizi mkavu wa kawaida una ganda la kahawia lililopauka na unapovunjika hutoa harufu ya udongo na tangawizi.

Atakayepinga atasema mwenye shilingi mia mbili hana muda wa kutwanga, na mashine nyingi hukataa pilipili kwa kuwa mteja anayefuata ataondoka na unga mkali. Ni kweli, ndiyo maana kinu na mchi bado vina kazi. Fungu dogo la pilipili iliyokauka vizuri wakati wa kiangazi hulainika kwa dakika chache. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hii ni kazi ya serikali, na tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS. Hilo nalikubali, ila alama ya ubora hubandikwa kwenye pakiti, na kifuko cha fundo hakina pa kuibandika. Muuzaji wa rejareja naye mara nyingi ameupokea unga ukiwa tayari umesagwa, na kumbana yeye hakufiki kwenye chanzo. Bangladeshi walikwenda kwa wauzaji wa jumla: walipeleka sokoni kifaa cha mkononi cha eksirei kinachosoma risasi papo hapo, wakawatoza faini waliokutwa na mzigo, na kuonya umma. Mwaka 2019 karibu nusu ya sampuli za sokoni zilikuwa na risasi. Mwaka 2021 haikupatikana hata moja. Binzari inayouzwa Tanzania hulimwa kwa wingi Muheza na milima ya Morogoro, na kwa Nachingwea huja kutoka mbali kupitia mikono kadhaa. Kifaa cha namna hiyo kingefaa zaidi mahali gunia linaposhushwa kuliko mezani linapogawanywa kwa kijiko.