Saa 51 za viatu: jinsi nilivyojifunza kupanga bei ya kazi Zhanxi

Kwa mliosikiliza kipindi cha wiki hii, mtakumbuka niliahidi kuandika zile hesabu nilizozitaja harakaharaka. Haya, kaeni mkao wa kusoma. Na kwa mgeni wetu: mimi ni wakala wa manunuzi hapa Guangzhou, kazi niliyorithi kwa mama yangu. Mteja wa Kariakoo au Mombasa anataka viatu, mimi namzungusha madukani, naweka oda, nafuatilia, nakagua mzigo na kuukabidhi kago. Zhanxi maana yake ni "magharibi mwa stesheni", na ndivyo ilivyo: unashuka metro kituo cha Guangzhou Railway Station, unatembea kidogo, unakutana na majengo ya jumla yaliyojaa viatu, saa na nguo.

Mama alipopasuliwa goti nikaacha kazi ya ofisini nikashika biashara. Nina digrii ya uhasibu, nikajua nitaweza. Mwaka wa kwanza nilikuwa na wateja kila wiki, nalala saa nane usiku, na bado kodi ya nyumba nilikuwa nakopa kwa kaka. Siku moja kaka akaniuliza swali la kawaida tu: "Dada, ile oda ya mwezi uliopita ulitumia saa ngapi?" Nikafungua mdomo, sina jibu. Mhasibu mzima najua kila yuani iliyotoka, lakini sijui saa zangu zilikwenda wapi.

Ndipo nikaanza kuandika. Oda ya kwanza kuiandika ilikuwa ya mama mmoja wa Kariakoo: jozi 1,100 za viatu kutoka kwa wauzaji 9. Kabla ya kuanza niliandika makadirio yangu, na hili ni muhimu kuliko yote, maana ukisubiri kazi iishe utajidanganya kwamba ulijua tangu mwanzo. Nilikadiria siku 3 za saa 8, yaani saa 24, nikamtoza yuani 2,400. Kazi ilichukua saa 51. Yaani nilidhani nalipwa yuani 100 kwa saa, kumbe nalipwa 47.

Lakini jumla hiyo peke yake ingenifundisha kulia tu. Kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa nimeigawa kazi katika hatua. Kuzunguka madukani na kukusanya bei nilikadiria saa 14, ikawa 17. Kuweka oda na kulipa, 4 zikawa 6. Kukagua mzigo, 4 zikawa 11. Kukabidhi kago, 2 zikawa 4. Kisha zikaja mbili ambazo sikuziweka kabisa kwenye makadirio: kuwafuatilia wauzaji saa 9, na meseji za usiku saa 4.

Angalia vizuri hapo. Kutembea sokoni, kazi ambayo kila mtu anaiona, nilikadiria karibu sawa. Nilikosea kwenye kazi inayofanyika nimekaa. Muuzaji anasema rangi nyeusi imeisha, anauliza kama alete kahawia. Hapo namuuliza mteja, na mteja yuko dukani kwake. Sisi tuko mbele ya Dar kwa saa 5, kwa hiyo anapofunga duka saa kumi na mbili jioni na kuanza kujibu, huku ni saa tano usiku. Na ukaguzi wa viatu si kufungua katoni na kuchungulia. Unahesabu saizi, unahakikisha kushoto na kulia vinafanana, unavuta soli kuona kama gundi imeshika. Kwa wauzaji 9, kila mmoja analeta mzigo bohari siku yake, kwa hiyo unaenda bohari mara tisa.

Kukosea huku si kwangu peke yangu. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kuhusu tabia ya binadamu kukadiria kazi kwa kuwazia jinsi itakavyokwenda vizuri, badala ya kutazama kazi za nyuma zilivyokwenda. Mwaka 1994 watafiti waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza tasnifu lini. Kwa wastani walisema siku 33.9. Walitumia siku 55.5. Dawa waliyoipendekeza Kahneman na Tversky ni kuacha kwanza kuiwazia kazi iliyo mbele yako, uulize: kazi za aina hii, zilizokwisha fanyika, zilichukua muda gani?

Basi nikaendelea kuandika, oda baada ya oda. Jedwali langu ni la kawaida: tarehe, hatua, saa nilizokadiria, saa halisi, idadi ya wauzaji, na safu moja ya sababu. Naandika palepale, nikiwa kwenye metro kurudi nyumbani. Nilijaribu kuandika Jumapili kwa kukumbuka wiki nzima, ikaharibika, kwa sababu kumbukumbu inapenda namba za mviringo na inasahau meseji za dakika kumi kumi.

Nilipofikisha oda 6 za viatu nikaanza kutafuta kitu gani kinazivuta saa. Sisi mawakala wengi tunatoza kamisheni kwa thamani ya mzigo, kwa hiyo nilitegemea oda ya pesa nyingi ndiyo iwe ya saa nyingi. Haikuwa hivyo. Saa zilifuata idadi ya wauzaji. Mteja wa jozi 2,000 kwa wauzaji 3 alinichukua saa 21. Yule wa jozi 1,100 kwa wauzaji 9, saa 51.

Nikagawa saa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kazi za oda nzima: mazungumzo ya mwanzo, kupanga orodha, hesabu, kukabidhi kago. Hizi zilicheza kati ya saa 7 na 11, nikachukua 9. Zilizobaki nikazigawa kwa idadi ya wauzaji. Oda sita zikanipa saa 4.0, 4.8, 4.2, 4.8, 4.3 na 4.7 kwa kila muuzaji. Nikachukua namba ya katikati, si wastani, ili oda moja iliyovurugika isinivutie hesabu yote upande wake:

```
=MEDIAN(G2:G7)
```

Jibu ni kama saa 4.5. Kwa hiyo kanuni yangu ya viatu ni hii: saa 9, jumlisha saa 4.5 kwa kila muuzaji.

Kipimo chake kilikuja haraka. Dada mmoja wa Mombasa alileta orodha ya wauzaji 7. Zamani ningesema siku 3, yuani 2,400, karibu sana. Safari hii jedwali likasema saa 40.5, nikaweka 41, nikamwandikia profoma ya yuani 4,100. Moyo unanidunda. Alinipigia: "Mbona umepandisha hivyo, ndugu yangu? Mamako hakuwa hivi." Sikubishana. Nikamweleza kila muuzaji anakula saa ngapi na kwenye nini. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Nikiwapunguza wakawa wanne je?" Saa 27, yuani 2,700. Viatu vilevile tulivipata karibu vyote kwa wale wanne. Kazi ilichukua saa 29. Nilikosea kwa saa 2, na kosa la saa 2 naweza kuishi nalo.

Kuna jambo moja lilinichelewesha kulielewa: saa za kazi na siku za kalenda ni vitu viwili. Saa 29 hazimaanishi mzigo utakuwa tayari baada ya siku nne. Bei naipanga kwa saa zangu, lakini ahadi ya tarehe inategemea muuzaji aliyechelewa kuliko wote, maana oda haiondoki hadi wote walete. Tuseme kila muuzaji analeta kwa wakati mara 8 katika 10. Ukiwa na wanne, uwezekano wa wote kuwahi ni kama asilimia 41. Ukiwa na saba, asilimia 21. Kwa hiyo bei naichukua katikati ya jedwali, ila tarehe naitazama kwenye oda zilizochelewa, na hiyo ndiyo ninayompa mteja.

Sasa niwaambie nilipoteleza, msije mkateleza hapohapo.

Kwanza, nilitaka kufuta oda moja mbaya: muuzaji alileta saizi zimechanganyika, nikarudi bohari mara tatu. Nikasema hii ni bahati mbaya, haihesabiwi. Lakini nilipopitia safu ya sababu, "bahati mbaya" ya aina fulani ilikuwepo kwenye karibu kila oda, inabadilisha jina tu. Nikaiacha ndani.

Pili, mteja kuongeza kazi katikati. Umepanga wauzaji 4, anakutumia picha kwenye WeChat, "na hiki pia unitazamie." Hapo andika saa hizo kando. Usipotenganisha, utadhani makadirio yako ni mabovu, kumbe kazi ndiyo iliyokua. Mimi sasa kila muuzaji wa nyongeza ana bei yake kwenye profoma: saa 4.5, yuani 450.

Tatu, namba za viatu ni za viatu. Nilijaribu kuzitumia kwenye nguo nikapotea. Na hata kwa viatu, wiki za kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina hazifuati kanuni, kwa sababu viwanda vinafunga, wafanyakazi wanarudi makwao, na kila muuzaji anasema "kesho". Oda za kipindi hicho nimezitia rangi tofauti. Bado ni chache, kwa hiyo wakati huo naongeza bei kwa jicho na kumwambia mteja wazi kwamba naongeza kwa jicho.

Kwa jicho. Hilo ndilo neno nililokuwa namcheka nalo Mama. Nilipomwonyesha jedwali alivaa miwani, akalisoma polepole, akaniambia nikalete zile kaunta buku zake za zamani zilizo juu ya kabati. Nikafungua. Kila mteja ana ukurasa, na pembeni ya kila jina Mama kaweka vijistari vya kalamu nyekundu. Nilidhani ni madeni.

"Hayo ni maduka," akasema. "Mwenye mistari mingi nilikuwa namwongezea. Ulidhani nabahatisha?"

Miaka yote ile nilipoona anataja bei bila kikokotoo, alikuwa anahesabu wauzaji. Hakuwa na saa, alikuwa na mistari. Nilichoacha mimi mwaka wa kwanza ni kuuliza. Sasa nazipitia kaunta buku hizo ukurasa kwa ukurasa, na Mama anakaa pembeni na goti lake juu ya mto, ananiambia yupi alilipa kwa wakati na yupi alitusumbua hadi usiku wa manane.