Hali ya Hewa na Tabianchi: Kiambishi hu- katika Kueleza Misimu ya Pwani ya Kusini ya Kenya

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi tofauti baina ya hali ya hewa na tabianchi inavyoweza kuelezwa kwa wanafunzi wa shule za sekondari za Kwale kwa kutumia nyenzo zilizomo katika Kiswahili chenyewe. Tatizo hili ni la lugha kabla ya kuwa la jiografia. Nchini Kenya jina "hali ya hewa" aghalabu hubeba dhana zote mbili, hata "mabadiliko ya hali ya hewa" yakawa yamkini ni mvua iliyolifuata jua la jana, na yamkini ni jambo la karne nzima. Nchini Tanzania neno "tabianchi" limeenea zaidi, nalo limeundwa vizuri, maana tabia, iwe ya mtu au ya nchi, haijulikani kwa kuonana siku moja. Lakini istilahi peke yake haitoshi. Mwanafunzi aliyekariri neno bila ya dhana ataandika kwamba leo tabianchi ya Diani ni nzuri.

Tofauti anayoikosa katika istilahi tayari anaitumia katika sarufi. Mvuvi wa Msambweni akisema, "Upepo wa kusi unavuma kwa nguvu leo," ametaja hali ya hewa: jambo la mahali fulani na saa fulani, ambalo mtu aweza kwenda ufuoni akalihakikisha au akalikanusha. Akisema, "Upepo wa kusi huvuma kuanzia Aprili," hataji siku yoyote. Asubuhi moja ya Mei isiyo na upepo haiikanushi kauli yake. Viambishi -na-, -me-, -li- na -ta- hueleza tukio. Hu- hueleza mazoea, na tabianchi ni mazoea ya anga ya mahali. Si kila sentensi yenye hu- ni ya tabianchi, bila shaka, lakini ni vigumu kuieleza tabianchi kwa muda mrefu bila ya kiambishi hiki.

Hapa pana mtego mmoja ambao mwalimu hana budi kuuangalia. Kiambishi hu- hakina ukanushi wake chenyewe. "Mvua inanyesha" na "mvua hunyesha" zote mbili hukanushwa kwa "mvua hainyeshi". Kwa hiyo mwanafunzi akisoma kwamba Januari mvua hainyeshi Msambweni, aweza kudhani ameambiwa kuwa haitanyesha kabisa, na akakumbuka siku ya Januari aliyolowa njiani. Kauli ikiwa "kwa kawaida Januari huwa na mvua chache" utata huondoka. Baadhi ya makosa yanayoitwa ya jiografia yaweza kuanzia katika ukanushi huu.

Majina ya misimu nayo ni hazina. Kaskazi ni upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi, na katikati ya kipindi hicho ndipo penye ukavu mwingi zaidi. Kusi hushika baada yake, likaja na masika, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote katika pwani hii. Vuli hunyesha baina ya Oktoba na Desemba. Wapwani wengine huziita mvua za masika "mvua za mwaka", kana kwamba mwaka wenyewe umepewa jina na mvua zake. Majina haya ni ya tabianchi: mtu huweza kusema masika yamechelewa kwa sababu tu anao wakati uliozoeleka wa kupimia kuchelewa huko. Tena ni majina ya mahali. Mvua za Diani si za Kinango, ingawa zote zi Kwale, kwa kuwa nyuma ya Milima ya Shimba nchi huzidi kukauka kadiri mtu anavyoelekea bara.

Kutoka katika sarufi mwanafunzi apelekwe kwenye hesabu. Ichukuliwe shule yenye kipimamvua, kinachosomwa kila siku saa tatu asubuhi, na jumla za mwezi wa Mei kwa miaka mitano ziwe milimita 120, 410, 280, 170 na 320. Tarakimu hizi ni za kubuni, kwa ajili ya zoezi. Jumla yake ni 1,300 na wastani ni 260. Hakuna hata Mei moja iliyopata milimita 260. Basi wastani si utabiri, na mwanafunzi aone kwamba upana baina ya 120 na 410 ni sehemu ya tabianchi sawasawa na wastani wenyewe. Sasa Mei ya sita ilete milimita 90 tu. Wastani utashuka hadi 232 hivi. Lakini kama wastani wa 260 ungalikuwa wa miaka 30, Mei hiyo hiyo ingaliushusha hadi 254 na nusu tu. Hii ndiyo sababu ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kutumia vipindi vya miaka 30, kama vile 1991 hadi 2020: mwaka mmoja usiwe na nguvu ya kuibadili picha nzima.

Kipimamvua hicho hufundisha tofauti hiyo kwa makosa yake pia. Kisiposomwa Jumamosi na Jumapili, Jumatatu itaandikiwa mvua ya siku tatu. Kumbukumbu ya hali ya hewa imeharibika, lakini jumla ya mwezi haikupotea sana. Mwembe ukiota kando yake, mambo hugeuka. Kila usomaji wa siku utaonekana wa kawaida, ila mwaka baada ya mwaka matawi yatazuia mvua zaidi, na daftari litadai kwamba Msambweni inakauka. Hila hiyo hugunduliwa kwa kulinganisha na kituo cha jirani: cha Diani kisipopungua, atazamwe mwembe kabla ya kulaumiwa mbingu.

Mfano mkubwa ni vuli ya 1997, iliyoendelea hadi mwanzo wa 1998 na kuleta mafuriko pwani na kwingi nchini Kenya, wakati wa El Nino katika Pasifiki na joto lisilo la kawaida katika Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki. Watu husema mwaka ule tabianchi ilibadilika. Kauli hiyo si sahihi. Vuli za 1961, 2019 na 2023 nazo zilifurika, na baina ya mbili za mwisho zilipita vuli za 2020, 2021 na 2022 zilizokosa mvua, Kwale ikiwemo katika maeneo yaliyopatwa na ukame. Vuli kubwa na vuli kavu ni matukio. Kule kurudiarudia kwake ndiko tabia ya nchi hii. Mabadiliko ya tabianchi yatakuwa yamethibitika pale ambapo marudio yenyewe, yakipimwa kwa miongo kadhaa, yamepata mwendo mwingine, hata sentensi ya mvuvi wa Msambweni, ile yenye hu-, ikawa haisemi kweli tena na hana budi kuitamka kwa -li-: upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kuanzia Aprili.