Pete, Bamvu na Jua la Paje

Kuna swali ambalo waongoza watalii wa Unguja wamechoka kulijibu. Kijana anapiga simu kutoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, amekwisha kununua pete, anataka kumvisha mchumba wake wakiwa likizo bila huyo mwenzake kujua. Badala ya kuuliza la maana anauliza: jua linazama saa ngapi?

Jibu halihitaji mtaalamu. Mwaka mzima jua la Zanzibar huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni, au karibu na hapo. Kasoro iko katika imani iliyobebwa na swali, kwamba machweo ndiyo saa ya pete na kwamba ufukwe wowote unafaa. Imani hiyo imeshaharibu jioni nyingi za watu wenye nia njema, na inafaa ivunjwe kipande kwa kipande.

Kwanza, jua halizami baharini kila mahali. Paje, Bwejuu na Jambiani zote zinatazama mashariki. Anayepanga kupiga goti Paje saa 12:30 jioni atakuwa anatazama bahari inayoingia giza, huku jua likizama mgongoni mwake, nyuma ya minazi na mapaa ya hoteli. Ramani ya simu ingemwonyesha hilo kwa dakika moja. Hata hivyo watu wanaendelea kulipia vyumba vya Paje kwa ajili ya machweo.

Pili, pale ambapo jua huzama baharini kweli, yaani Kendwa na Nungwi, kila mgeni wa upande huo anajua saa hiyo hiyo. Majahazi ya matembezi yanapita, vijana wanacheza mpira, papasi wanauza safari za kesho, simu zote zimeinuliwa. Wikendi ya mwezi mpevu Kendwa ina sherehe yake ya usiku, na maandalizi ya muziki huanza mapema. Mwenye kutaka faragha amejipeleka penye watu wengi.

Tatu, machweo ni miadi isiyosogezwa. Huku karibu na ikweta giza huingia haraka, na baada ya jua kuzama hubaki dakika ishirini hivi za mwanga wa kuonana usoni. Mwenzako akichelewa kutoka bafuni, dereva akikwama, au mama yake akipiga simu, mpango umekwisha. Hapo ndipo mwenye pete huanza kuharakisha, kukasirikia mhudumu na kutazama saa kila dakika. Mwenzake huyaona yote hayo. Siri nyingi hufichuliwa na haraka ya namna hii kabla pete haijaonekana.

Hadithi mbaya kuliko zote ni ya machweo katika fungu la mchanga la Nakupenda, mbele ya Mji Mkongwe. Fungu hilo huonekana maji yakipwa, na yakijaa hufunikwa. Kila baada ya saa sita na dakika chache bahari hubadili mwendo, kwa hiyo siku moja hupata kujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 kwa wastani. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo huja bamvu, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Siku za bamvu Unguja, maji hujaa kama saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni, na hupwa kama saa 4 asubuhi. Kijana anayechagua mwezi mpevu kwa sababu ya uzuri wake, kisha akakodi boti ya jioni kwenda Nakupenda, atakuta maji yamefunika mahali alipotaka kupiga goti. Nahodha yeyote wa Forodhani angemwambia hivyo, ila hakuulizwa.

Swali linalostahili kuulizwa, basi, ni hili: siku hiyo, upande huo wa kisiwa, maji yatakuwa wapi?

Tuchukue likizo ya siku nne. Wawili wanafika Alhamisi mchana na kuondoka Jumapili mchana, na mwezi unapevuka Ijumaa. Walale Jambiani. Ijumaa waamke mapema watembee ufukweni, bila pete. Matembezi hayo yana kazi mbili: mwenye mpango anaona jua linachomoza wapi na mchanga upi ni mkavu, na mwenzake anazoea kwamba asubuhi wanatembea. Jumamosi wanarudia, safari hii pete ikiwa mfukoni. Maji yamejaa karibu saa 11 alfajiri, kwa hiyo jua linapochomoza kutoka baharini, mnamo saa 12 na kitu, bahari bado iko karibu na pwani. Mtu akichelewa nusu saa hakuna kinachoharibika, mwanga unazidi tu kuwa mzuri. Wakisharudi wanakunywa chai, na siku nzima haina miadi mingine. Mvua ikinyesha Jumamosi, kuna Jumapili.

Ratiba hii haihitaji petali za waridi, mishumaa wala mpiga picha aliyejificha. Kwenye ufukwe mtupu mpiga picha hana pa kujificha, na kamera ndefu nyuma ya mnazi humtisha mtu. Picha ipigwe mezani wakati wa chai.

Ifikapo saa 4 asubuhi maji yametoka mbali na wanawake wamo kwenye mashamba yao ya mwani. Hapo ni kazini kwao. Wasifanywe mandhari ya picha, na wapenzi wasikumbatiane na kubusiana mbele ya kijiji cha Waislamu, hasa mwezi wa Ramadhani. Pia pete ya ufukweni haichukui nafasi ya posa. Wazee wakisikia habari mtandaoni kabla ya kupigiwa simu, furaha ya asubuhi itaanza na kesi.

Kwa wenye hali tofauti, kwa ufupi. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu na hayaendi mbali, hivyo wasiwasi wa bahari hupungua. Juni hadi Septemba kusi huvuma sana mashariki, tafuta ukuta au mti wa kuzuia upepo. Masika ya Machi hadi Mei, chagua baraza yenye paa. Anayeng'ang'ania machweo aende Michamvi Kae, ambako rasi imegeuka magharibi kuitazama Ghuba ya Chwaka, tena afike saa 11 jioni. Anayetaka Nakupenda aende asubuhi ya bamvu, awe kwenye boti saa 2:30, kabla ya makundi ya chakula cha mchana.

Na pete: isafiri kwenye begi la mkononi, ndani ya kifuko laini, kwa kuwa kisanduku huonekana kwenye mashine ya ukaguzi na askari anaweza kukifungua mbele ya mwenzako. Ukiombwa kufungua begi, omba ukaguliwe pembeni. Joto huvimbisha vidole, kwa hiyo pete iliyopimwa kwenye baridi ya Nairobi ikibana usilazimishe, jaribu tena baadaye kukiwa na ubaridi. Ivishwe kabla ya mafuta ya kujikinga na jua, na ivuliwe kabla ya kuogelea.