"Mheshimiwa, sina wakili"

Kijana wa miaka 22 amesimama kizimbani katika mahakama ya hakimu mjini Mombasa. Karani anamsomea shtaka kwa Kiswahili: kwamba yeye na mwenzake ambaye hayuko mahakamani walimnyang'anya mtu simu ya shilingi 18,000, na walipokuwa wakifanya hivyo wakamtishia kumdhuru. "Ni kweli au si kweli?" Kijana anasema si kweli. Hakimu anaandika, anataja tarehe ya kurudi, na askari anamteremsha seli. Dakika tatu zimetosha. Mama yake, aliyekaa benchi la nyuma, anatoka nje akiamini mwanawe ameshtakiwa kwa kuiba simu.

Kijana huyu nimemtunga ili tumfuate hatua kwa hatua, ila shtaka lake halikutungwa. Linaitwa wizi wa mabavu, na limo katika kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Ili wizi wa nguvu ugeuke kuwa huo, jambo moja kati ya matatu linatosha: mwizi awe na silaha, au awe na mwenzake, au ampige au kumjeruhi anayeibiwa. Vijana wawili na simu moja wameshafika hapo. Adhabu iliyoandikwa ni kifo. Kenya haijamnyonga mfungwa tangu 1987, kwa hiyo kifo cha kwenye karatasi huishia kuwa miaka mingi jela, lakini hayo si mazungumzo ya kumpa mama faraja.

Angekuwa ameshtakiwa kwa kuua, wakili angemfuata. Kesi za mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, na huko ni desturi ya miaka mingi kwamba mshtakiwa asiye na kitu huteuliwa wakili wa kujitegemea, naye hulipwa na Idara ya Mahakama. Wizi wa mabavu una adhabu ile ile, lakini husikilizwa na hakimu, ambako desturi hiyo haikuota mizizi. Huku wakili hana budi kuombwa.

Pale nje ya mahakama mama ataambiwa, "Omba wakili wa serikali." Watu wanamaanisha wakili anayelipiwa na serikali. Neno hilo aliangalie, maana akivuka mpaka wa Lungalunga kuingia Tanzania, Wakili wa Serikali ndiye anayemshtaki mwanawe.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali iwapo kumkosa kutaleta dhuluma kubwa, na aelezwe haki hiyo mapema. Uzito wote uko kwenye neno "iwapo". Mwaka 2017, katika kesi ya Karisa Chengo na wenzake, watu wa Pwani waliokuwa wamehukumiwa kwa wizi wa mabavu, Mahakama ya Juu Zaidi ilieleza kwamba haki hii haiji yenyewe kwa kila mshtakiwa. Hakimu hutazama uzito wa kosa, ukali wa adhabu, kama mshtakiwa anaweza kumlipa wakili, kama ni mtoto, kama anajua kusoma na kuandika, na kama shtaka lenyewe lina mafundo ya kisheria.

Kwa hiyo kusema "Mheshimiwa, sina wakili" hakutoshi, ingawa ndilo neno ambalo karibu kila mtu hulisema na kunyamaza. Kijana wetu anatakiwa aendelee: "Shtaka hili lina adhabu ya kifo. Niliishia darasa la sita, nyaraka za Kiingereza sizielewi. Kazi yangu ni kupakia mizigo, mama yangu anauza mihogo. Naomba nipewe wakili chini ya kifungu cha 50, na naomba ombi langu liandikwe." Hayo maneno ya mwisho yasidharauliwe. Kesi ikifika rufaa, majaji hawatauliza mama anakumbuka nini. Watafungua kumbukumbu za mahakama. Ombi lisiloandikwa huko ni kana kwamba halikuombwa.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaka hakimu amweleze mshtakiwa haki yake, na akiona dhuluma inanyemelea, aiarifu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Mkuu wa kituo cha polisi au wa gereza naye anatakiwa amwulize aliye mikononi mwake kama anataka msaada, na akikubali, aipashe Huduma habari ndani ya saa 24. Mama pia anaweza kwenda mwenyewe kujaza fomu kwa niaba ya mwanawe. Abebe nakala ya hati ya mashtaka, namba ya kesi, kitambulisho, na barua ya chifu inayoeleza hali ya nyumbani. Namba ya kesi ndiyo watu huisahau, na bila hiyo faili halipatikani.

Tatizo liko kwenye sheria hiyo hiyo: inasema pia kwamba kukosekana kwa msaada hakuwezi kuizuia kesi kuendelea. Mawakili wa kugawiwa ni wachache kuliko mafaili, na mashahidi wakishafika siku yao, kesi inaweza kusikilizwa kijana akiwa peke yake. Ndiyo maana ni kosa kukaa kungoja mlango mmoja. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, kina ofisi Mombasa, na kimewafunza wafungwa wa Shimo la Tewa kuwa wasaidizi wa kisheria wa wenzao. Msaidizi wa kisheria hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu. Anaweza kumwandikia barua ya ombi, kumfafanulia masharti ya dhamana, na kumfundisha jambo ambalo wengi huliharibu: namna ya kumhoji shahidi.

Mshtakiwa asiye na wakili, akiambiwa amuulize shahidi maswali, huanza kujieleza. "Mimi siku hiyo nilikuwa Likoni kwa shangazi." Hakimu anamkatiza: uliza swali. Anababaika, anasema hana swali, na hivyo ndivyo inavyoandikwa. Wakili angeuliza ilikuwa saa ngapi, taa ilikuwa wapi, ulimwona usoni kwa muda gani, na kwa nini sura yake haimo katika maelezo uliyowapa polisi usiku ule. Kesi ya simu hufia au huponea kwenye maswali ya namna hiyo. Wakili pia huweza kuzungumza na upande wa mashtaka ili shtaka lipunguzwe liwe wizi wa nguvu wa kawaida, ambao kilele chake ni miaka 14. Mtu aliye rumande hawezi kuanzisha mazungumzo ambayo hajui kama yapo.

Tuseme wakili amepatikana. Mara nyingi anakutana na mteja wake asubuhi ile ile ya kusikilizwa, kupitia nondo za seli ya mahakama, wote wakipaza sauti kushinda kelele za wengine. Kijana asipoteze dakika hizo kuapa kwamba hana hatia. Ataje nani alimwona siku ile na anapatikana wapi, simu ilikamatwa kwa nani, na kama alipangwa kwenye gwaride la utambulisho au alionyeshwa shahidi akiwa peke yake kituoni. Wakili mzuri akipanda juu, ombi lake la kwanza ni kupewa nakala za maelezo ya mashahidi na muda wa kuzisoma. Hakimu akikataa na kesi ikaanza, kukataa huko nako kuandikwe. Kijana akipatikana na hatia, ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na hesabu huanza siku ya hukumu.