Vipimo vya Hekta kwenye Tuta la Uani: Kweli au Uongo?

Kama una tuta la mboga nyuma ya nyumba, washauri huwakosi. Jirani ana yake, muuza pembejeo ana yake, na mjomba aliyelima mahindi miaka mingi haachi kuongeza neno. Wewe umeshika karatasi inayosema kilo kadhaa za mbolea kwa hekta, na mbele yako una tuta la sukuma wiki lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5. Tulichukue tuta hilohilo tuzipime nalo zile kauli ulizokwisha kuzisikia.

"Vipimo vya hekta ni vya wakulima wakubwa, havishuki hadi uani."

UONGO. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Chukua kilo za kwenye karatasi, gawa kwa 10, na jibu utakalopata ni gramu kwa mita moja ya mraba. Kilo 200 kwa hekta ni gramu 20 kwa kila mita ya mraba. Tuta letu lina mita za mraba 6, kwa hiyo ni gramu 120. Pima tuta kwa futi kamba, si kwa hatua, na upime sehemu yenye mimea tu. Njia ya kupitia haili mbolea.

"Heka, hekta, yote mamoja."

UONGO, tena wa gharama. Wengi wakitaja heka huwa wanamaanisha ekari, yaani takribani mita za mraba 4,047. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Ukisoma kiwango cha hekta ukakitumia kama cha ekari, umeshazidisha mara mbili na nusu kabla hujafungua mfuko. Na kama ushauri wenyewe ulitolewa kwa ekari, usigawe kwa 10, gawa kwa 4. Mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari ni gramu 12 na ushee kwa mita ya mraba, au gramu 75 hivi kwa tuta letu zima. Ndiyo, gramu 75. Najua inaonekana kidogo.

"Wakisema kilo 100 za naitrojeni, nunua kilo 100 za urea."

UONGO. Naitrojeni ni kirutubisho, urea ni kinachokibeba. Mfuko wa urea umeandikwa 46, maana yake katika kila gramu 100 za chengachenga zile, naitrojeni ni gramu 46 tu. CAN huwa na 26 au 27 kutegemea mtengenezaji, kwa hiyo soma mfuko uliouziwa. Ukinunua mbolea ya kupimiwa kwenye mfuko wa rambo, muombe muuzaji akuoneshe mfuko mkubwa ilikotoka.

Tuseme karatasi yako inataka kilo 100 za naitrojeni kwa hekta. Gawa kwa 10, unapata gramu 10 kwa mita ya mraba. Zidisha kwa mita 6, unapata gramu 60 za naitrojeni kwa tuta. Sasa gawa 60 kwa 0.46 upate urea: gramu 130. Ukitumia CAN ya asilimia 26, gawa kwa 0.26, inakuwa gramu 230 hivi. Kirutubisho ni kilekile, lakini uzito wa kuweka unakaribia kuwa mara mbili. Anayekwambia "weka kiasi kilekile cha jana" bila kuuliza jana ulitumia mbolea gani hajakusaidia.

Kama ulipandia DAP, nayo ina naitrojeni asilimia 18. Itoe kwanza kwenye zile gramu 60, ndipo ukokotoe ya kukuzia.

"Kifuniko kimoja cha soda kwa kila shina."

KWELI, ila kwa sharti. Hapa wazee wana haki yao. Kifuniko hakihitaji betri, hakipotei, na kinaupa kila mmea sehemu sawa kuliko mkono unaorusha. Tatizo ni kwamba kanuni hii imezoeleka kwenye mahindi na mazao mengine yenye nafasi pana, halafu tukaihamishia kwenye mboga bila kuuliza mashina yako mangapi.

Kwanza kijue kifuniko chako. Jaza vifuniko 20 vya urea vilivyosawazishwa juu, vimwage kwenye mizani ya jikoni, gawa kwa 20. Tuseme umepata gramu 80, basi kila kimoja ni gramu 4. Ukibadili mbolea pima upya, kwa sababu urea ni nyepesi kuliko CAN kwa ujazo uleule.

Rudi kwenye tuta. Sukuma wiki ikipandwa kwa sentimita 60 kwa 50, mita za mraba 6 zinabeba mashina 20. Zile gramu 130 za urea tunazigawa mara mbili, wiki kadhaa zikipita katikati, kwa hiyo kila awamu ni gramu 65. Gawanya kwa mashina 20: gramu 3 na robo kwa shina, yaani kifuniko kisichojaa vizuri. Wazee hawakukosea sana.

Sasa weka chainizi kwenye tuta hilohilo, kwa sentimita 30 kwa 30. Mashina yanafika 66. Kifuniko kwa kila shina kinakuwa gramu 264 kwa mkupuo mmoja, mara nne ya kiwango cha awamu. Kwa chainizi, kila shina lilistahili gramu moja tu. Kwa mchicha uliomwagwa kwa mbegu hata usijaribu kuhesabu mashina. Changanya gramu zako na mchanga mkavu, nyunyiza nusu ukienda kwa urefu na nusu ukienda kwa upana, kisha mwagilia ili zioshwe kwenye majani na kuzama ardhini.

"Tuta dogo, ukizidisha kidogo halidhuriki."

UONGO. Mbolea za chumvichumvi zikizidi hufanya kazi ileile ya chumvi kwenye kachumbari: hunyonya maji, safari hii kutoka kwenye mizizi. Utaona kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia, na mmea ukinyauka mchana huku udongo umelowa. Wakati mwingine ganda jeupe hutanda juu ya udongo. Ukigundua mapema, mwagilia maji mengi mara kadhaa ili mbolea ishuke chini ya mizizi. Shambani, kosa la gramu 100 hupotea. Kwenye mita 6 ni sehemu kubwa ya kipimo cha msimu.

"Mbolea isiguse shina, na isiachwe wazi."

KWELI tupu. Chimba kifereji sentimita 5 hadi 10 kutoka shinani, weka, fukia, mwagilia. Urea iliyoachwa juani juu ya udongo hupoteza sehemu ya naitrojeni yake hewani kama amonia.

"Samadi haina kipimo."

NUSU KWELI. Iliyooza vizuri inasamehe sana, lakini mbichi ya kuku inaunguza kama urea. Hesabu ya samadi ni nyepesi kuliko zote. Tani moja kwa hekta ni gramu 100 kwa mita ya mraba. Ukiambiwa tani 10, ni kilo moja kwa mita, yaani kilo 6 kwa tuta letu. Pima debe lako mara moja likiwa limejaa samadi kavu, andika uzito huo ubavuni kwa rangi, na msimu ujao utajua ni sehemu gani ya debe inayotosha.